Ilipoishia Jumamosi: Muhtasari wa Mkutano Uliokatika

Fungua kauntabuku ya mihtasari ya chama chochote cha msingi cha ushirika, Nachingwea au Ruangwa, usome mstari wa mwisho wa kila mkutano. Mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba mwenyekiti aliwashukuru wajumbe na kuahirisha mkutano saa kumi na nusu jioni. Maana yake ni kwamba mkutano uliisha. Watu walikunja viti, waliokuja na baiskeli wakapakia, habari ikafungwa. Geuka sasa utazame tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ghala: mkutano mkuu umeahirishwa hadi Jumamosi ijayo. Hapo maana yake ni kwamba mkutano haujaanza kabisa. Halafu kuna ile siku ambayo agenda ya tano imefika katikati, jua linazama nyuma ya mikorosho, na mwenyekiti anasema tuahirishe tutaendelea wiki ijayo. Neno ni lile lile kwa mara ya tatu, na safari hii mkutano umeanza lakini haujaisha.

Kiswahili cha ofisini kimelibebesha neno kuahirisha mizigo hii mitatu, na katibu anayeandika anajua anachokusudia kwa sababu alikuwepo. Anayekuja kusoma miaka mitatu baadaye hakuwepo. Anaweza kuwa mkaguzi wa COASCO, Afisa Ushirika wa wilaya aliyehamia juzi, au katibu mpya aliyekabidhiwa sanduku la makaratasi lisilo na maelezo. Huyo anakuta mkutano wa tarehe 13 ulioahirishwa, kurasa mbili mbele anakuta mkutano wa tarehe 20 uliofunguliwa kwa sala, na hajui kama anasoma mikutano miwili au mmoja. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani alikuwa na haki ya kupiga kura, nini kiliruhusiwa kujadiliwa, na azimio lina tarehe gani.

Kukatika kwa mikutano huku kwetu si jambo la kushangaza. Wilaya hizi mbili, ambazo hadi katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa wilaya moja ya Nachingwea, zinaishi kwa kalenda ya mazao. Ufuta unaanza kuuzwa kuelekea katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata, korosho zinafunga mwaka. Vyama vya msingi vinauza kupitia chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeungwa kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na mkutano mkuu wa chama cha msingi lazima upenyezwe kwenye nafasi kati ya zao na zao. Ukiitishwa saa tatu asubuhi, akidi inatimia saa tano, wajumbe wakitoka vitongoji vya mbali. Taarifa ya ukaguzi wa hesabu inakula mchana mzima, kwa sababu hapo ndipo kila mtu ana swali. Inapofika agenda ya makisio ya msimu ujao, kivuli cha mwembe kimeshahama mara tatu na watu wanatazama angani.

Katika lugha yetu kuna mahali tatizo hili lilikwisha tatuliwa, na ni Dodoma. Taarifa Rasmi za Bunge, ambazo wengi tunaziita Hansadi, zinatenganisha mkutano na kikao. Mkutano ni ule unaochukua wiki kadhaa na una namba yake. Kikao ni siku moja ya kukaa, nacho kina namba yake ndani ya mkutano. Ndiyo maana juu ya ukurasa utasoma Mkutano wa fulani, Kikao cha fulani, na tarehe. Mwisho wa siku Bunge linaahirishwa hadi kesho yake saa tatu asubuhi, na saa hiyo imeandikwa. Wakitoka tu kwenda kula mchana, Hansadi inatumia neno jingine: Bunge lilisitishwa hadi jioni, kisha Bunge lilirudia. Kusitisha ni kwa saa, kuahirisha ni kwa siku, na mkutano wenyewe unabaki mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Vijijini tumegeuza. Kwetu kikao ni cha watu wachache, yaani kamati au bodi, na mkutano ni wa watu wengi. Matumizi hayo hayana kosa, lakini yanamnyima katibu neno la kuita siku ya pili. Mimi nadhani katibu wa chama cha msingi anafanya vizuri kuazima desturi ya Bunge kwa siku hiyo tu: Mkutano Mkuu Namba 2, Kikao cha Kwanza, Kikao cha Pili. Asipopenda, aandike Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili. Jina si hoja kubwa, ilimradi namba ya mkutano isibadilike. Siku ya pili ikipewa namba 3, uzi umekatika hata kama yote mengine yameandikwa kwa ufasaha.

Tuchukue chama cha kubuni, mahali popote kati ya Nachingwea mjini na Ruangwa mjini. Kina wanachama 240, na masharti yake yanasema akidi ya mkutano mkuu ni nusu, yaani 120. Mkutano Mkuu Namba 2/2025 unakaa Jumamosi tarehe 13 Septemba. Waliohudhuria ni 152. Agenda ya kwanza hadi ya nne zinakwisha: kufungua, kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, na taarifa ya ukaguzi, ambayo inapokelewa baada ya mabishano marefu kuhusu magunia. Agenda ya tano ni makisio ya mapato na matumizi, na ndani yake kuna hoja ya bodi kwamba chama kikate shilingi 30 kwa kila kilo ya korosho ili kujenga ghala. Mwanachama mmoja anapendekeza marekebisho: ziwe shilingi 20. Anaungwa mkono. Wanasema watu saba. Saa 12:05 jioni, kabla ya kura, mkutano unakubali kuahirishwa hadi Jumamosi tarehe 20.

Tofauti ya shilingi 10 si ndogo. Chama kikikusanya tani 300, hoja ya bodi inaleta shilingi milioni 9 na marekebisho yanaleta milioni 6. Kwa mkulima wa kilo 800 tofauti ni shilingi 8,000. Watu watarudi wakikumbuka kilichosemwa, na kila mtu atakumbuka chake.

Makatibu wengi wanaandika hivi: kutokana na muda kuwa umekwenda, mwenyekiti aliahirisha mkutano hadi wiki ijayo. Sentensi hii inasomeka vizuri lakini haibebi kitu. Haisemi wiki ijayo siku gani, wapi, saa ngapi, nani aliamua, wala kazi ilikuwa imefika wapi. Ningeiandika hivi:

5.4 Hoja iliyo mezani ni kwamba chama kikate shilingi 30 kwa kila kilo ya korosho msimu wa 2025/2026 kwa ajili ya ujenzi wa ghala. Marekebisho ya kufanya makato yawe shilingi 20 yametolewa na kuungwa mkono, na hayajapigiwa kura. Wachangiaji saba wamesikilizwa.
5.5 Saa 12:05 jioni mkutano uliamua kwa kuonyesha mikono kuahirisha kazi zake ili kuendelea na agenda ya 5 hadi ya 7 siku ya Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025, saa 3:00 asubuhi, hapa hapa kwenye ghala la chama. Mwenyekiti aliwatangazia waliokuwepo. Katibu aliagizwa kuwaarifu wasiokuwepo.

Maneno kuahirisha kazi zake ili kuendelea ndiyo yanayotofautisha maana hii na zile mbili nyingine za neno hili. Dondoo ya 5.4 ndiyo yenye thamani zaidi, na ndiyo inayokosekana karibu kila mahali. Watu wanadhani muhtasari unaandika kilichoamuliwa tu, kwa hiyo jambo lisiloamuliwa linaachwa nje. Kwenye mkutano uliokatika ni kinyume: lililoamuliwa limekwisha na linajilinda lenyewe, lakini lililo hewani lisipoandikwa kwa maneno yake kamili litageuka wiki nzima vijiweni na kurudi Jumamosi likiwa hoja nyingine.

Angalia pia kwamba mkutano uliamua. Mwenyekiti ana mamlaka ya kusitisha mkutano vurugu zikizuka au mvua ikinyesha ghafla, na mara nyingine anafanya hivyo kwa haki kabisa. Lakini kuahirisha mkutano wenye akidi ili tu akate mjadala asioupenda ni mchezo unaojulikana, na wanachama wanaujua. Dondoo inayosema ni nani aliyeahirisha, kwa sababu gani na kwa kura ipi inamlinda mwenyekiti mwema na kumwanika yule mwingine.

Sasa ifike tarehe 20. Ukurasa haupaswi kuanza upya kama vile hakuna kilichotangulia. Kichwa ni kile kile, Mkutano Mkuu Namba 2/2025, kikifuatiwa na maneno Sehemu ya Pili, ulioendelea kutoka tarehe 13 Septemba 2025 kwa mujibu wa dondoo 5.5. Kurejea namba ya dondoo ndiko kunakofunga pande mbili. Msomaji akitaka kujua siku hii imetoka wapi, anarudi nyuma kwenye dondoo moja tu na kukuta kila kitu.

Namba za dondoo zinaendelea. Kama tuliishia 5.5, ya kwanza leo ni 5.6. Nimewahi kukabidhiwa faili la chama ambacho sitakitaja, lenye siku mbili za mkutano mmoja, kila siku ikianzia dondoo ya 1. Barua ya chama kwenda benki ilinukuu azimio la dondoo 4.2. Dondoo 4.2 zilikuwepo mbili. Ya kwanza ilihusu watia saini wapya wa akaunti, ya pili ilihusu choo cha ghala. Tulicheka, lakini ile barua ilirudishwa mara mbili.

Mahudhurio ndipo hesabu zinapoharibika. Tarehe 20 wanakuja watu 131. Kati yao 104 walikuwepo wiki iliyopita na 27 ni wapya. Waliokuwepo mara ya kwanza na sasa hawapo ni 48. Katibu mwenye haraka anaunganisha orodha mbili: 152 na 131, jumla 283. Basi chama chenye wanachama 240 kinakuwa kimehudhuriwa na watu 283, na mkaguzi hahitaji kusoma neno hata moja zaidi ili ajue kuna kasoro. Katibu mwingine anakwenda upande wa pili, anaambatisha orodha ya siku ya kwanza pekee kwa sababu mkutano ni ule ule. Hapo wale 27 wanakuwa wamepiga kura bila kuhudhuria.

Njia iliyo rahisi ni orodha moja yenye majina na safu mbili za sahihi, tarehe 13 na tarehe 20, na anayeweka dole gumba aweke katika safu ya siku husika. Mstari wa mwisho unataja hesabu tatu: 152 siku ya kwanza, 131 siku ya pili, na watu 179 waliohudhuria angalau siku moja. Hiyo 179 ni ya kumbukumbu tu. Haitumiki kwa akidi wala kwa kura.

Akidi inahesabiwa kila siku upya, na hili linawachanganya watu wazima. Wanasema kama mkutano ni mmoja, na akidi ilitimia Jumamosi iliyopita, basi imetimia. Haiko hivyo. Umoja wa mkutano unahusu kazi na maamuzi. Akidi inahusu watu waliokaa hapo wakati uamuzi unapita. Tarehe 20 saa 4:10 asubuhi waliohesabiwa ni 97. Hakuna cha kufanya ila kusubiri. Saa 5:05 wakafika 122, ndipo kazi ikaendelea. Muhtasari uandike saa zote mbili. Ile ya 4:10 inaonyesha kwamba mwenyekiti hakuharakisha, na ile ya 5:05 inaonyesha kwamba kila lililofuata lilikuwa na akidi. Inapofika kura, watu ni 131.

Ingekuwaje wangebaki 97 hadi mchana? Hapa lazima mtu asome masharti ya chama chake kwa macho yake, asitegemee ya jirani. Kuna utaratibu uliozoeleka, katika sheria za kampuni na katika masharti ya vyama vya namna nyingi, kwamba mkutano ulioshindwa kuanza kwa kukosa akidi ukiitwa mara ya pili, waliohudhuria wanatosha. Lakini nafuu hiyo imewekwa kwa mkutano ulioshindwa kuanza. Mkutano wetu ulianza, ukawa na akidi ya kutosha, ukakatizwa na giza. Kuuingiza siku yake ya pili kwenye nafuu ile ni kuchanganya maana ya pili ya kuahirisha na ya tatu, na mwanachama aliyeshindwa kwenye kura ana haki ya kuligeuza hilo kuwa malalamiko kwa Mrajis. Katibu aliyeandika sababu ya kuahirisha, kwamba ni giza na si akidi, amekwisha kumaliza ubishi huo nusu.

Bunge Maalum la Katiba ni mfano ambao kila mtu wa umri wangu anaukumbuka. Lilianza Februari 2014, likaahirishwa tarehe 25 Aprili, likarejea tarehe 5 Agosti. Kabla ya kuahirishwa, mwezi huo huo wa Aprili, wajumbe wa UKAWA walikuwa wametoka ukumbini. Liliporejea lilikuwa Bunge lile lile, chini ya mwenyekiti yule yule Samuel Sitta, na kazi iliendelea ilipoishia. Hakuna aliyeapishwa upya kwa sababu ya miezi mitatu iliyopita. Lakini swali la idadi, yaani theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande wa Muungano, halikujibiwa na mahudhurio ya Februari. Lilijibiwa na kura zilizopigwa mwishoni. Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu ile katiba inayopendekezwa, lakini mantiki hiyo ya kiutaratibu ndiyo ile ile ya ghala la korosho.

Turudi kwenye shilingi 20. Yule aliyetoa marekebisho ni mmoja wa wale 48 wasiokuja. Kijana mmoja anasimama na kusema marekebisho yamekufa kwa sababu mwenyewe hayupo. Mzee mwingine anasema tuanze mjadala upya, kwani wageni wa leo hawakusikia. Wote wawili wanajibiwa na 5.4. Marekebisho yakishaungwa mkono na kuwekwa mezani ni mali ya mkutano, si ya mtu. Mkutano haujafa, basi nayo hayajafa. Wapya 27 ni wanachama halali na kura zao ni kamili, lakini ukweli kwamba hawakuwepo hauwarudishi nyuma wenzao 104. Mwenyekiti anamwagiza katibu asome dondoo za 5.1 hadi 5.5 kwa sauti, polepole, kisha mjadala unaendelea kutoka kwa mchangiaji wa nane. Marekebisho yanapigiwa kura kwanza: 58 wanayakubali, 71 wanayakataa, 2 hawapigi. Yameanguka. Kisha hoja ya bodi: 74 ndiyo, 55 hapana, 2 hawapigi. Jumla ya kila kura ni 131, na inalingana na safu ya pili ya mahudhurio. Mkaguzi akijumlisha atafika hapo hapo.

Kitu kimoja hakikutokea katika mfano wetu, na bora kisitokee kabisa: kukatiza kura katikati. Mikono ya siku ya kwanza haijumlishwi na mikono ya siku ya pili. Kura iliyokatizwa inapigwa upya tangu mwanzo, na muhtasari unasema hivyo waziwazi.

Kusoma dondoo za wiki iliyopita kunazua swali ambalo makatibu wazoefu wanabishana. Je, huko si kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita? Wapo wanaosema sehemu ya kwanza isomwe na ithibitishwe asubuhi ya siku ya pili, kisha isainiwe. Kitabu cha Robati wa Marekani, ambacho klabu na jumuiya nyingi duniani hukifuata, kinaelekea huko: kikao kilichoendelea kinaanza kwa kusoma muhtasari wa kile kilichokatika. Faida yake iko wazi, watu bado wanakumbuka. Hatari yake kwetu ni desturi. Kwenye vyama vyetu uthibitisho wa muhtasari haujawahi kutembea peke yake. Nyuma yake inafuata agenda ya yatokanayo, kama mkia na mbwa. Ukishafungua yatokanayo tarehe 20, umefungua tena taarifa ya ukaguzi iliyopokelewa tarehe 13, na wale 27 wapya wana hamu kubwa ya kusema juu ya magunia.

Ndani ya mkutano mmoja, ukaguzi umekwisha. Jambo lililoamuliwa Jumamosi ya kwanza haliwezi kuinuka Jumamosi ya pili kwa njia ya mazungumzo. Anayetaka liinuke alete hoja ya kulifungua upya kama masharti yanamruhusu. Ndiyo maana napendelea sehemu ya kwanza isomwe siku ya pili kama taarifa ya ilipoishia, masahihisho ya majina na tarakimu yachukuliwe, na uthibitisho rasmi wa sehemu zote mbili usubiri mkutano mkuu unaofuata, zithibitishwe kwa pamoja kama muhtasari mmoja. Wanaobishana nami wana hoja. Lakini wao huwa wanafikiria mikutano ya watu kumi na wawili mezani.

Kwa sababu hiyo hiyo agenda mpya haziingii. Waliobaki nyumbani tarehe 13 walijua kilichokuwa kwenye barua ya mwaliko. Wanaorudi tarehe 20 wanakuja kumaliza barua ile ile, agenda ya tano hadi ya saba. Hata mengineyo, ambayo kwa kawaida ni kapu la kila mtu, siku ya pili inabaki na yale tu yaliyoandikishwa mwanzoni. Mtu akileta jambo zito, kwa mfano kumwondoa mjumbe wa bodi, jibu ni kwamba liitishiwe mkutano kwa taarifa yake.

Kuna siku saba kati ya vikao hivi viwili, na ofisi hailali. Benki inataka muhtasari wa mabadiliko ya watia saini yaliyopitishwa chini ya agenda ya tatu. Katibu asingoje tarehe 20. Atoe dondoo iliyothibitishwa, yaani nakala ya ile dondoo moja yenye kichwa cha mkutano, ikieleza kwamba imepitishwa tarehe 13 katika sehemu ya kwanza ya mkutano unaoendelea, wakasaini yeye na mwenyekiti. Azimio lililopita limepita. Halisubiri wenzake.

Upande wa pili, barua ya kuomba kibali cha ukomo wa madeni kwa Mrajis kwa kawaida huandikwa na mtu ambaye hakukaa mkutanoni, akichukua tarehe iliyo juu ya muhtasari. Tarehe iliyo juu ni 13. Lakini tuseme ukomo wa madeni ulikuwa agenda ya sita, ukapitishwa tarehe 20, mbele ya watu 131. Barua inayosema ulipitishwa tarehe 13 mbele ya watu 152 ni ya uongo mara mbili bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Kila azimio libebe tarehe yake ubavuni: limepitishwa 13/09, limepitishwa 20/09. Mkutano una namba moja na maazimio yana tarehe mbili.

Si kila kinachokatika kinaendelea, ni vizuri kutaja hilo. Mnada wa korosho unaonekana kama mkutano: watu wamekusanyika, bei za wanunuzi zinasomwa, wakulima wanakubali au wanakataa. Wakikataa wote wakaondoka, na mnada mwingine ukafanyika siku nyingine, watu husema mnada uliahirishwa. Huo wa pili una zabuni mpya. Zile za kwanza zimekufa pale zilipokataliwa, na hakuna kilichobaki mezani cha kuendelezwa. Muhtasari wake ni mpya, una namba mpya, na ule wa kwanza unafungwa kwa kuandika bei zilizosomwa na kwamba zilikataliwa. Msimu wa 2018, wakulima wa kusini walipoigomea minada mwezi Oktoba na Serikali ikaja kutangaza Novemba kwamba itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, chama kilichokuwa kimeandika kwamba mnada umeahirishwa kilibaki na mkutano usiofungwa kwenye kitabu chake. Kipimo ninachokitumia ni kuuliza kama kuna hoja iliyobaki mezani wakati watu wanaondoka. Ikiwepo, ni mkutano mmoja. Isipokuwepo, funga.

Zimebaki sahihi. Sehemu ya kwanza ikiishia katikati ya ukurasa, katibu mzoefu hapigi mstari wa kufunga wala haachi nusu ukurasa wazi wa kujazwa na mtu mwingine. Anaandika inaendelea ukurasa unaofuata, yeye na mwenyekiti wanaweka ufupisho wa majina yao pembeni, na sehemu ya pili inaanzia juu ya ukurasa mpya. Sahihi kamili zinakuja mara moja tu, chini ya dondoo ya mwisho ya tarehe 20, mahali ambapo safari hii ameandika kwamba mkutano ulifungwa saa 8:40 mchana, na neno kuahirisha hakulitumia.